Bima imelipa 930,000, nataka kumwandikia mteja barua ya hesabu. Naomba mnikosoe kabla sijaituma

wakili_mchanga
Habari za jioni wote. Nina ofisi ndogo Nakuru, niko mimi na karani mmoja, mwaka wa nne sasa. Tarehe 6 Mei 2025 kampuni ya bima iliniingizia shilingi 930,000 kwenye akaunti ya wateja. Ni fidia ya abiria wa bodaboda aliyevunjika mguu. Mahakama ya hakimu ilimpa 900,000 za maumivu na 50,000 za matibabu yenye risiti, jumla 950,000. Tulikuwa tumekubaliana na upande wa pili kwamba lawama ni 80 kwa 20, kwa hiyo ikabaki 760,000. Juu yake kuna riba 30,000, na gharama za kesi tulizokubaliana ni 140,000. Ndiyo hiyo 930,000.

Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kushika pesa nyingi hivi za mtu mmoja. Nilipokuwa nimeajiriwa, barua ya hesabu aliiandika bosi mwenyewe, sisi hatukuiona. Mteja wangu ni mzee wa miaka sitini na kitu. Anasoma Kiswahili vizuri, Kiingereza kidogo sana. Nimeandika rasimu hii:

"Tumepokea malipo yako kutoka kwa bima. Baada ya kutoa ada yetu ya 30% na gharama, kiasi chako ni 622,000. Tafadhali fika ofisini utie sahihi."

Karani wangu anasema inatosha. Mimi moyo wangu unakataa.

Juma_wa_Kisii
Inatosha kabisa. 30% ndiyo desturi, hata mjini hapa kila ofisi inafanya hivyo. Mteja hataki hadithi ndefu, anataka pesa. Cha muhimu asaini kwamba amepokea, basi umelindwa.

mzee_wa_leja
Binti yangu, moyo wako una akili kuliko karani wako. Nimeweka vitabu vya ofisi za mawakili miaka thelathini na moja, Nairobi kisha Thika. Barua zilizowapeleka watu mbele ya Mahakama ya Nidhamu ya Mawakili nimeziona, na nyingi zilikuwa fupi kama hiyo yako, zenye sahihi ya mteja chini. Sahihi haikuwaokoa, kwa sababu mteja alisaini kitu kisichomwambia kilichoingia.

Tazama rasimu yako tena. Je, mzee akiisoma atajua bima ililipa kiasi gani? Hatajua. Atajua ililipa lini? Hatajua. Atajua kwamba ndani yake mna 140,000 ambazo upande wa pili umelipa kwa ajili ya wakili? Hiyo ndiyo sehemu mawakili wengine huificha: wanachukua asilimia yao kwenye fidia, kisha wanabaki pia na gharama zilizolipwa na bima, na mteja hajui kabisa kwamba zilikuwepo.

Kabla ya kuigusa barua, nionyeshe kadi ya mteja. Barua ya hesabu haitungwi, inanakiliwa kutoka kwenye kadi. Kadi ikiwa mbovu, barua itakuwa mbovu hata uiandike kwa wino wa dhahabu.

dada_wa_majeruhi
Naomba nisaidiwe. Dada yangu alipata ajali ya matatu mwaka 2018. Wakili wake alimpa 400,000 akamwambia kesi imekwisha. Mwaka jana tulienda kwenye bima kwa jambo lingine kabisa, karani akatuonyesha kwamba walilipa milioni moja na laki moja. Dada hana karatasi yoyote, alisaini tu daftari. Je, tumechelewa?

wakili_mchanga
@dada_wa_majeruhi pole sana, naamini kuna atakayekujibu vizuri kuliko mimi. @mzee_wa_leja nimeipiga chapa kadi kama ilivyo:

```
14/3/2022  Amana ya mteja         +15,000   salio  15,000
16/3/2022  Ripoti ya daktari       -6,000   salio   9,000
28/3/2022  Ada ya mahakama         -9,500   salio    -500
06/5/2025  Malipo ya bima        +930,000   salio 929,500
```

Kuna 10,000 nilizomlipa daktari kuja kutoa ushahidi, na 3,500 za mtu aliyempelekea mdaiwa hati za mahakama. Hizo zilitoka akaunti ya ofisi, hazimo hapo juu.

mzee_wa_leja
Ahsante kwa kuionyesha ilivyo bila kuipaka rangi. Sasa weka kidole kwenye mstari wa 28 Machi 2022. Salio linasema umekwenda chini ya sifuri kwa mia tano. Swali langu: benki ilikulipia 9,500 zote, sivyo? Ilizitoa wapi, na mzee alikuwa amebakiwa na 9,000 tu?

wakili_mchanga
Akaunti ilikuwa na pesa za kutosha siku hiyo.

mzee_wa_leja
Za nani?

wakili_mchanga
Za wateja wengine. Nimeelewa. Mzee, ni mia tano.

mzee_wa_leja
Ni mia tano, na kanuni za hesabu za mawakili za mwaka 1966 hazina kiwango cha kusamehe. Zinasema huwezi kutoa kwa ajili ya mteja mmoja zaidi ya kile ulichomshikia yeye. Akaunti ya wateja ina namba moja benki, lakini ndani yake ni kama nyumba ya wapangaji: kila mmoja na chumba chake. Ukimlipia mmoja kwa pesa zilizo chumbani kwa mwingine, umemkopesha huyu mali ya yule bila kumwuliza mwenyewe. Siku ile ilibidi 9,000 zitoke kwa wateja na 500 zitoke ofisini kwako, kwa hundi mbili kama ni lazima.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mia tano hiyo imekaa miaka mitatu na hukuiona. Maana yake hulinganishi. Niambie mwisho wa mwezi unafanya nini.

wakili_mchanga
Nachukua taarifa ya benki nalinganisha na kitabu cha fedha. Vinaoana kila mwezi, au nikipata tofauti najua ni hundi ambayo haijapita.

Juma_wa_Kisii
Hapo ameshamaliza kazi. Benki na kitabu vikioana, pesa ipo. Halafu mimi naona ni heri hata ada yako uiache humo humo kwenye akaunti ya wateja. Inakuwa kama mto wa kulalia: ikitokea mia tano kama hiyo, inafunikwa na pesa yako mwenyewe, wala si ya mteja mwingine.

mzee_wa_leja
Ndugu Juma, umegusa jambo la kweli na hapo hapo umelipotosha. Ni kweli mto huo ungefunika mia tano. Lakini ungeficha pia elfu hamsini, na usingejua hadi uishe. Ada ikishakuwa yako kihalali, itoe. Pesa yako mwenyewe haifai kukaa pale, isipokuwa ile kidogo ya kufungua akaunti au ya kurudisha pengo. Na siku mdai wako wa kodi ya nyumba akipata amri ya kukamata mali yako, hutaki kubishana naye ni shilingi ipi yako na ipi ya mjane.

Binti, benki na kitabu cha fedha kuoana ni nusu ya kazi. Vyote viwili vinahesabu nyumba nzima, havihesabu vyumba. Cha tatu ni orodha ya masalio ya kadi zote. Kila mwisho wa mwezi andika jina la kila mteja mwenye salio, kiasi chake, kisha jumlisha. Jumla hiyo ilingane na kitabu cha fedha na benki. Na kadi yoyote iliyo chini ya sifuri usiitoe kwenye jumla ili mambo yakae sawa. Iandike pembeni, kwa sababu hiyo ni deni lako wewe, linalipwa na ofisi siku hiyo hiyo.

Ifanye kesho asubuhi kwa mwisho wa mwezi uliopita, bila kungoja, kisha uje hapa.

Mkulima_Bomet
Samahani naingilia. Shamba la marehemu baba limeandikwa jina la kaka mkubwa kwa niaba yetu sote sita. Sasa anataka kuuza. Na yeye analazimika kutuandikia barua ya hesabu kama hii?

wakili_wa_Milimani
@Mkulima_Bomet hilo ni jambo lingine, ndugu. Hapa tunazungumzia pesa ambazo wakili anamshikia mteja wake. La kwenu ni ardhi inayoshikwa kwa niaba ya familia, na lina haraka yake: wekeni zuio kwenye ofisi ya ardhi kabla hajauza. Fungua uzi wako nitakuja.

@dada_wa_majeruhi, usikate tamaa. Anza na barua moja kwa wakili huyo, dada yako aisaini mwenyewe: anaomba hesabu ya pesa zote zilizopokelewa kwa niaba yake na nakala ya malipo ya bima. Mpe siku maalum. Akinyamaza kuna njia mbili ambazo zinaweza kwenda pamoja. Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili hupokea malalamiko ya namna hii bila ada. Na Mahakama Kuu, kwa Agizo la 52 kanuni ya 4 ya Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010, inaweza kumwamuru wakili atoe hesabu ya fedha na kulipa kinachodaiwa. Iombeni bima iwape kwa maandishi kiasi na tarehe iliyolipa, hiyo ndiyo karatasi itakayobeba kila kitu. Kuhusu kuchelewa, mengi yanategemea ni lini mlijua, na hilo sitalisemea humu bila kuona faili.

dada_wa_majeruhi
Ahsante sana. Barua tutaiandika wiki hii.

wakili_mchanga
Nimerudi. Nimekaa na kadi tangu saa mbili asubuhi. Jumla ya kadi zenye salio ni 412,500. Benki na kitabu vinasema 407,820. Tofauti 4,680. Mia tano ni ile ya mzee. Zilizobaki 4,180 nimezitafuta hadi adhuhuri, kumbe ni makato ya benki. Kila mwezi benki imekuwa ikikata ada yake kwenye akaunti ya wateja, nami naandika kwenye kitabu cha fedha kwa utiifu, kwa hiyo kitabu na benki vinaoana vizuri kabisa. Lakini hakuna kadi ya mtu niliyoipunguza. Wateja wangu wamekuwa wakinilipia ada za benki bila kujua. Nimehamisha 4,680 kutoka ofisi leo, na nimeandikia benki kwamba makato yote yaende akaunti ya ofisi.

mzee_wa_leja
Hapo sasa unaweza kuandika barua.

Tuje kwenye ada. Hiyo 30% itoe. Mkataba unaosema wakili alipwe akishinda tu, au alipwe kiwango kingine kwa sababu ameshinda, Sheria ya Mawakili kifungu cha 46 inaubatilisha. Desturi ya mji haiponyi hilo.

wakili_wa_Milimani
Naongezea kidogo. Kifungu cha 45 kinaruhusu makubaliano ya maandishi kuhusu ada, yaliyosainiwa na mteja. Kwa hiyo kama mlikubaliana kiasi maalum tangu mwanzo, mambo ni mengine. Mlikubaliana?

wakili_mchanga
Hapana. Tulizungumza tu kwa mdomo kwamba "tutaona kesi ikiisha".

wakili_wa_Milimani
Basi rudi kwenye Agizo la Malipo ya Mawakili, linalopanga viwango vya ada. Katika zile 140,000, gharama ulizolipa ni 29,000 (ripoti 6,000, ada 9,500, daktari mahakamani 10,000, hati 3,500). Kwa hiyo sehemu ya ada ni 111,000. Kati ya wakili na mteja wake, kiwango hupanda kwa nusu: 111,000 na 55,500, yaani 166,500. Ada ya 30% ingekuwa 279,000.

Kuna wenzangu watakaosema ungeweza sasa, baada ya hukumu, kumwita mzee mkasaini kiasi kingine. Mimi nisingefanya. Amekwisha kujua pesa ipo mkononi mwako, hawezi kujisikia huru kukataa.

Juma_wa_Kisii
Mimi bado naona makubaliano ni makubaliano, mtu mzima akisaini amesaini. Lakini kwenye 30% nakubali nimesahihishwa. Na kodi ya ongezeko la thamani? Asilimia 16 juu ya 166,500.

wakili_mchanga
Sijasajiliwa, mapato yangu ya mwaka hayajafika milioni tano.

mzee_wa_leja
Basi usimtoze hata senti ya kodi hiyo. Nimeona ofisi ndogo zikiiweka kwenye bili ili bili ifanane na ya ofisi kubwa, kisha pesa zinabaki mfukoni kwa wakili. Huo ni wizi, hata kama mtu ameufanya kwa kutojua.

Jambo la mwisho kabla ya barua. Usihamishe 166,500 leo. Kanuni zinataka kwanza bili au maandishi ya kiasi cha ada yamfikie mteja, na aambiwe kwamba pesa unazomshikia zitatumika kuilipa. Bili ikikaa mezani kwako haijamfikia. Mzee hana ubishi na sehemu yake, hiyo mlipe sasa. Ada iache kwenye kadi yake hadi awe amesoma.

wakili_mchanga
Nimeandika upya. Kwa Kiswahili, na nimeambatanisha nakala ya barua ya bima, bili, na risiti nne:

"Mzee wetu,
Kesi yako ya ajali, Mahakama ya Hakimu, Nakuru.

Tarehe 6 Mei 2025 bima ilituma shilingi 930,000 kwa ajili yako, nasi tukazipokea kwenye akaunti ya wateja. Barua yao iko nyuma ya hii. Ndani yake mna fidia yako 760,000, riba 30,000, na 140,000 ambazo upande wa pili umelipa kwa ajili ya gharama zako za kesi. Zote ni pesa zako.

Mwezi Machi 2022 ulituachia 15,000. Kwa hiyo jumla tuliyopokea kwa niaba yako ni 945,000.

Tulilipa kwa niaba yako: ripoti ya daktari 6,000, ada ya mahakama 9,500, daktari kutoa ushahidi 10,000, kupeleka hati kwa mdaiwa 3,500. Jumla 29,000. Kati ya hizo, 15,000 zilitoka kwenye pesa ulizotuachia na 14,000 zilitoka kwetu, nazo tunazirudisha.

Ada yetu ni 166,500, kama bili inavyoeleza. Tunaomba kuitoa kwenye pesa zako tarehe 30 Mei 2025. Kama hukubaliani nayo, tuambie kabla ya siku hiyo. Haitaguswa, na una haki ya kutaka bili ikadiriwe na mahakama.

Kilicho chako ni 945,000, toa 29,000, toa 166,500: yaani 749,500. Hizi tunakulipa sasa, usingoje tarehe 30."

mzee_wa_leja
Hii imekaa. Kadi yake na iseme hivyo hivyo: 500 zimeingia kutoka ofisi, salio 930,000, 14,000 zimerudi ofisi, 916,000, mzee 749,500, inabaki 166,500. Ada ikitoka, sifuri. Kisha kadi, barua, bili na uthibitisho wa malipo vifungwe pamoja na vikae miaka sita isiyopungua.

Neema_Arusha
Nafuatilia kutoka upande wa pili wa mpaka. Kwetu wateja wengi hutuma pesa za mwanzo kwenye simu ya wakili. Ninyi mnaziandikaje?

mzee_wa_leja
Mama, afadhali ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya wateja. Zikishaingia kwenye simu, zipelekwe benki siku hiyo hiyo kiasi kile kile kamili, makato ya kutuma yawe ya ofisi, mteja apewe risiti, na ujumbe wa simu upigwe chapa uwekwe kwenye faili.

wakili_mchanga
Mrejesho. Nilimpa mzee barua Jumatatu. Aliisoma yote mwenyewe, kidole kwenye kila mstari, karibu dakika ishirini. Alisimama kwenye 3,500 akauliza ni nani alipeleka hati na wapi, nikamwonyesha risiti. Kisha akasema, "Zile elfu kumi na tano nilidhani zilishaliwa." Bili hakuibishia.

Nimekwama mahali pamoja. Hana akaunti ya benki. Anataka zote zitumwe kwenye simu ya mwanawe, na M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja. Ameniandikia ruhusa kwa mkono wake. Alipokuwa anaiandika, mwanawe alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

wakili_wa_Milimani
Ruhusa ya maandishi inakutosha kikanuni. Lakini ningemwomba aje tena, peke yake.

mzee_wa_leja
Na mimi ningempeleka karani naye hadi benki ya jirani afungue akaunti kwa kitambulisho chake. Ni kazi ya asubuhi moja.

wakili_mchanga
Nimempigia. Anakuja Alhamisi, na binti yake mdogo. Hundi sijaiandika bado.